Somo: Kukagua mshale wa kani kwenye michoro ya mkono wa kushoto

Juzi nilikuwa nakagua karatasi ya mazoezi ya fizikia yenye michoro minane ya waya ndani ya sumaku. Mmoja ulikuwa na mshale wa kani uliogeuzwa, na kidogo tu niupitishe. Sababu ni kwamba niliuona mshale kwanza, ndipo nikainua mkono wa kushoto, ambao vidole vyake huonyesha uga wa sumaku, mkondo wa umeme na kani inayousukuma waya. Ukishaliona jibu, kiwiko hupinda na vidole huzunguka mpaka vikubaliane nalo, nawe unaapa kwamba umekagua. Kwa hiyo funika mshale wa kani kwa kipande cha karatasi kabla ya jambo lolote.

Mchoro wenyewe ulikuwa hivi: ncha mbili za sumaku zinatazamana, N upande wa kushoto, S upande wa kulia. (Herufi hizo tumezoea kuziacha hivyo, maana kaskazini na kusini zote zinaanza na K.) Katikati pana duara dogo lenye msalaba ndani yake. Huo ni waya unaotazamwa kwa mwisho wake. Mshale wa kani ulielekea juu.

Hatua ya 1: Chora uga kwa penseli. Uga wa sumaku kati ya ncha mbili hutoka N kwenda S. Hapa unaelekea kulia. Uchore mshale wake na uuandike B, usiuache kichwani.

Hatua ya 2: Chora mkondo. Msalaba ni manyoya ya mshale unaokupa mgongo: mkondo unaingia ndani ya karatasi. Nukta ni ncha ya mshale unaokujia usoni. Kama mchoro una betri badala ya alama hizo, anza kwenye mstari mrefu wa betri, ambao ndio chanya, ufuate waya kwa kidole mpaka ufike kwenye sumaku. Andika I.

Hatua ya 3: Tafuta mstari kabla ya upande. Hatua hii wengi huiruka. Kani lazima isimame nyuzi 90 kwa B na nyuzi 90 kwa I pia. Hapa B imeshachukua kushoto na kulia, I imeshachukua ndani na nje. Kumebaki juu au chini tu. Mshale ulioelekea kwenye ncha yoyote ya sumaku ungekuwa na kosa la aina nyingine kabisa: mchoraji alidhani sumaku inauvuta waya kama inavyovuta msumari. Huyo hahitaji kurekebishwa vidole, anahitaji kuelezwa upya kwamba kani hii haivuti kuelekea kwenye ncha.

Hatua ya 4: Sasa mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kifuate B, kidole cha kati kifuate I, na gumba lionyeshe kani. Kama kiwiko kinagoma, zungusha karatasi, usiupinde mkono. Katika mchoro wetu, shahada inaelekea kulia, kidole cha kati kinatoboa karatasi, na gumba linaelekea chini. Funua mshale uliochorwa: unaelekea juu. Umekosewa.

Hatua ya 5: Hakikisha kwa njia isiyotumia mkono huo. Usitangaze kosa kwa ushahidi wa mkono mmoja. Mkondo unaoingia ndani ya karatasi huzungukwa na uga wake wenyewe unaofuata mwendo wa mishale ya saa. Juu ya waya, uga huo unaelekea kulia, sawa na uga wa sumaku, kwa hiyo hapo mistari inasongamana. Chini ya waya unaelekea kushoto, unapingana na uga wa sumaku, na mistari inakuwa michache. Waya husukumwa kutoka penye msongamano kwenda penye uhaba, yaani chini. Njia mbili zimekubaliana.

Baada ya hapo uliza kosa limetokea wapi. Ukitumia mkono wa kulia kwa bahati mbaya, jibu linageuka. Ukisoma msalaba kama mkondo unaotoka nje, linageuka. Ukichora uga kutoka S kwenda N, linageuka pia. Lakini ukifanya makosa mawili kati ya hayo kwa pamoja, jibu linarudi kuwa sahihi! Mwanafunzi aliyekosea msalaba na pia akatumia mkono wa kulia atapata "chini" na kuwekewa tiki. Ndiyo maana nataka B na I zichorwe kando, zionekane. Angalia pia wanaoandika kwa mkono wa kushoto: kalamu imo mkononi, basi huinua ule ulio huru, na huo ni wa kulia.

Maswali ya wanachama

Zubeda: Mwalimu, karatasi yangu ina elektroni inayokwenda kulia, uga unaingia ndani ya karatasi, na jibu linasema kani inaelekea juu. Mimi pia nimepata juu. Kwa nini nimewekewa alama ya kosa?

*Jibu:* Aliyekusahihisha yuko sawa, jibu lililochapwa ndilo lenye kosa. Kidole cha kati hufuata mkondo wa kawaida, yaani mwendo wa chaji chanya. Elektroni ina chaji hasi, kwa hiyo ikienda kulia, kidole cha kati kielekee kushoto. Shahada itoboe karatasi, na gumba litaelekea chini. Juu lingekuwa jibu la protoni.

Bakari: Kuna mchoro hauna betri. Waya unavutwa kati ya sumaku na kuna galvanomita. Natumia mkono gani?

*Jibu:* Wa kulia, ndugu yangu. Hapo mwendo ndio chanzo na mkondo ndio matokeo: gumba lifuate mwendo, shahada uga, na kidole cha kati kikupe mkondo. Kuna ukaguzi mzuri hapa. Chukua mkondo ulioupata, kisha utumie mkono wa kushoto kutafuta kani juu ya waya huo. Lazima ipinge mwendo. Ikiwa inausaidia, mkondo umeuchora kinyume, kwa sababu waya ungejiongezea kasi wenyewe bila kuvutwa.

Neema: Kwenye koili ya mota, pande mbili zimechorewa mishale ya kani, zote juu. Nimejaribu mkono mara tatu upande mmoja na ni sawa. Nimalize hapo?

*Jibu:* Usimalize. Mkondo unaopanda upande mmoja wa koili hushuka upande wa pili, na uga ni uleule. Upande mmoja ukisukumwa juu, mwingine husukumwa chini. Mishale yote miwili ikielekea juu, koili ingeinuka badala ya kuzunguka. Tazama pia upande mfupi unaounganisha hizo mbili: koili ikiwa imelala sambamba na uga, mkondo wa upande huo unafuata mstari wa uga, na hapo kani ni sifuri. Mshale wowote uliochorwa hapo ufute.

Neema: Na waya ukiwa umelala nyuzi 30 na uga, vidole havikai sawa.

*Jibu:* Kunjua kidole cha kati mpaka kiwe nyuzi 90 na shahada, ukibaki kwenye bapa lilelile lenye waya na uga. Gumba halibadiliki. Kinachopungua ni ukubwa: F = BIL sin θ, na sin 30° ni 0.5, kwa hiyo mshale unabaki na mwelekeo wake ila kani ni nusu.