Seti A ilikuwa rahisi, seti B ngumu: namna ya kuoanisha alama za mtihani mmoja wenye matoleo mawili

Shule zetu za Dodoma zikifanya mtihani wa ujirani mwema wa Hisabati, Kidato cha Nne, tunatunga seti mbili. Sababu inajulikana: dawati moja wanakaa watatu, na shingo za watoto ni ndefu. Tatizo linakuja baada ya kusahihisha, pale waliopata seti B wanapolalamika kwamba yao ilikuwa ngumu. Mara nyingi wanasema kweli. Hakuna mtunzi anayeweza kutunga seti mbili zenye ugumu uleule kwa kukisia tu.

Nitatumia mfano wa watahiniwa 400 kutoka shule nne, mbili za Chamwino, moja ya Bahi na moja ya mjini. Namba nimezirahisisha ili hesabu ifuatike hata kwa kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Gawa karatasi kwa kupishanisha

Kazi yote imesimama hapa. Panga karatasi kabla hujaingia chumbani: A, B, A, B, mpaka mwisho wa bunda, kisha zigawe kwa mfuatano huo, dawati kwa dawati, katika kila shule. Ukifanya hivyo, kundi la A na kundi la B yanakuwa na mchanganyiko uleule wa wanafunzi wazuri na dhaifu. Tofauti kubwa ya wastani itakayoonekana baadaye itakuwa imetoka kwenye karatasi, siyo kwenye vichwa vya watoto.

Kuna mwaka tuliona kupishanisha ni usumbufu, tukapeleka seti A shule mbili na seti B shule mbili. Wastani ukatofautiana kwa alama tisa na hakuna aliyeweza kusema kama karatasi ndiyo ngumu au shule ndiyo dhaifu. Matokeo yale hayakuwa na dawa. Msimamizi anayewapa mstari wa mbele seti A na wa nyuma seti B anafanya kosa lilelile, kwa sababu sote tunajua akina nani wanapenda kukaa nyuma.

Kuna njia ya kujihakikishia. Chukua alama zao za mtihani wa muhula uliopita, ule ambao wote walifanya karatasi moja, utafute wastani wa kundi la A na wa kundi la B. Kwenye mfano wetu ni 51.2 na 50.6. Makundi yanalingana, tunaendelea. Kama ungeona 55 na 47, simama hapo: hesabu inayofuata ingewaadhibu watu bure.

Seti zenyewe nazo lazima ziwe ndugu: mada zilezile, idadi ileile ya maswali, mgawanyo uleule wa alama. Seti moja ikijaa takwimu na nyingine ikijaa trigonometria, huna matoleo mawili ya mtihani mmoja, una mitihani miwili.

Hatua ya 2: Tafuta wastani na mtawanyiko wa kila seti

Mtawanyiko ni kipimo cha jinsi alama zilivyosambaa kutoka kwenye wastani. Excel inaukokotoa kwa STDEV.S. Weka alama za seti A safu ya B, za seti B safu ya C, kisha andika haya kwenye F1 hadi F4:

```
=AVERAGE(B2:B201)
=STDEV.S(B2:B201)
=AVERAGE(C2:C201)
=STDEV.S(C2:C201)
```

Asiyefika kwenye mtihani, kisanduku chake kiache wazi. Usimwandikie sifuri. Watoro kumi tu wakiandikwa sifuri ndani ya orodha ya 200, wastani wa 48 unashuka hadi 45.6, na seti itaonekana ngumu kuliko ilivyo.

Matokeo yetu: seti A wastani 54, mtawanyiko 15. Seti B wastani 48, mtawanyiko 12.

Hatua ya 3: Jiulize kama tofauti hiyo ni ya kweli

Tofauti ya alama 6 inaweza kutokea kwa bahati tu. Chukua mtawanyiko wa kila seti, uuzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa idadi ya watahiniwa wa seti hiyo, jumlisha hayo mawili, kisha tafuta kipeo cha pili. Kwetu ni 225/200 + 144/200 = 1.845, na kipeo chake ni kama 1.4. Zidisha mara mbili: 2.8. Sita imezidi 2.8 kwa mbali, kwa hiyo seti B ilikuwa ngumu kweli.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa mkondo mmoja wenye watahiniwa 30 kwa 30 na utapata karibu 7. Hapo tofauti ya 6 haitoshi kuthibitisha chochote, na mimi nisingegusa alama ya mtu.

Hatua ya 4: Usikimbilie kuongeza sita kwa kila mtu

Staff wengi ndipo tunapoishia: "Waongezee B alama sita, yaishe." Lakini angalia mtawanyiko. Alama za B zimebanana kuliko za A. Wanafunzi wazuri ndio waliobanwa zaidi na maswali magumu ya mwisho. Walio chini kabisa walikwama kwenye seti yoyote. Kwa hiyo tunaoanisha hivi: tofauti ya mwanafunzi na wastani wa B inazidishwa kwa 15/12, yaani 1.25, kisha inajumlishwa kwenye wastani wa A.

```
=IF(C2="","",ROUND(MIN(100,MAX(0,$F$1+$F$2/$F$4*(C2-$F$3))),0))
```

Aliyepata 48 anakuwa na 54. Aliyepata 65 anakuwa na 75, na kwa madaraja ya Kidato cha Nne hapo ndipo A inapoanzia. Kwa kuongezewa sita tu angebaki na 71, yaani B. Chini mambo yanageuka. Aliyepata 24 anabaki na 24. Ile sita ya jumla ingemfikisha 30, ambayo ni D, na wote wa 24 hadi 28 wangefaulu kwa zawadi. Kwa mstari wetu, 30 ya seti A inalingana na 29 ya seti B.

Hatua ya 5: Kagua ncha

Kuanzia 85 ya seti B, mstari unagonga 100, ndiyo maana nimeweka MIN. Aliyepata 86 na aliyepata 93 wote wanaandikwa 100. Wakiwa wawili watatu, sawa. Wakiwa wengi, mstari ulionyooka haufai. Itabidi ulinganishe nafasi, kwamba aliyewazidi asilimia 90 ya wenzake kwenye B apewe alama ya aliyewazidi asilimia 90 kwenye A. Njia hiyo inataka watahiniwa wengi zaidi, kwa sababu huko juu watu ni wachache na alama moja inayumba ovyo.

Kwenye orodha ya matokeo ninaweka safu zote mbili, alama ghafi na alama iliyooanishwa, na daraja linatoka kwenye ya pili. Mzazi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona jirani kaongezewa kumi na mwanangu hakuongezewa hata moja?" Nikachukua karatasi ya mwanawe na ya mwenzake wa seti A aliyepata 24 vilevile, nikaziweka pamoja mezani. Wote wawili walikuwa wamefanya maswali manne ya mwanzo, na kuanzia la tano kurasa zilikuwa tupu.