SOMO: Namna ya kulinganisha vifungu viwili vya habari moja (mfano wa Lugalo, 1891)

Wakuu, kila wiki naulizwa jambo hilihili kwenye ujumbe binafsi, sasa naliandika hapa mara moja. Someni lote kabla ya kuuliza.

Vifungu hivi nimevitunga mwenyewe kwa ajili ya mazoezi. Matukio yenyewe ni ya kweli: ni vita vya Lugalo, karibu na Iringa, kati ya Wahehe wa Mtwa Mkwawa, mtawala wao, na jeshi la Wajerumani lililoongozwa na kamanda Zelewski.

KIFUNGU A: "Baada ya misafara ya biashara kuporwa na Wahehe, msafara wa Zelewski ulitumwa kurejesha utulivu. Njiani vijiji kadhaa vilichomwa. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliuvizia msafara huo Lugalo, wakamuua Zelewski kikatili."

KIFUNGU B: "Jeshi la Wajerumani liliingia Uhehe likichoma vijiji. Tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Mtwa Mkwawa walililaki Lugalo na kulishinda. Zelewski aliangushwa."

1. Soma kila kifungu mara mbili, bila kalamu.

2. Andika yale ambayo vyote vinakubali: tarehe, Lugalo, vijiji kuchomwa, Zelewski kufa. Angalia hilo la vijiji. A anaegemea upande wa Wajerumani, lakini amekiri jambo linaloutia doa upande wake. Ungamo la namna hiyo lina uzito kuliko sifa yoyote anayojipa.

3. Pigia mstari maneno yenye rangi, yaani yanayobeba hisia au hukumu ya mwandishi. "Msafara" na "jeshi" ni watu walewale. "Kuvizia" na "kulaki" ni tendo lilelile.

4. Tafuta mtenda. Kiswahili kinaruhusu kumficha kwa kauli ya kutendwa. Kwa A, vijiji "vilichomwa", hatuambiwi na nani, ila kupora kumeandikwa wazi "na Wahehe". Kwa B, waliochoma wanajulikana, lakini Zelewski "aliangushwa" tu, kana kwamba alijikwaa. Kila mwandishi ameficha mkono wa watu wake.

5. Tazama hadithi inaanzia wapi. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Miaka ya nyuma nilifundisha somo hili nikaliambia darasa kwamba A ana upendeleo na B ndiye mkweli. Mimi ni mtu wa Iringa, B alinipendeza, sikumkagua. Binti mmoja wa kidato cha pili akauliza: "Mwalimu, mbona B hataji misafara iliyoporwa?" Sikuwa na jibu. A anaanza na kosa la Wahehe, kwa hiyo vita vinaonekana adhabu. B anaanza na moto wa Wajerumani, kwa hiyo vita vinaonekana kujilinda. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja amechagua sentensi ya kwanza inayomfaa.

Tahadhari mbili. Kifungu unachokipenda kikague kwanza, tena kwa ukali zaidi. Na usikimbilie kusema kilichoachwa kimefichwa: mwenye mistari mitatu lazima aache mengi. Jiulize kama alichoacha kingebadilisha hukumu ya msomaji. Misafara ingebadilisha.

6. Andika hitimisho kwa sentensi mbili, ukitaja neno au mstari uliokuonyesha upendeleo.

MASWALI

Mdau wa Kihesa: Kwa hiyo kipi cha kweli, A au B? Jibu fupi mkuu, nina kazi ya kukusanya kesho.

Jibu: Hatua ya 2 na ya 5. Kazi ni yako.

Mdau wa Kihesa: Mwalimu gani anakataa kusaidia?

Jibu: Nimesaidia kwa ukurasa mzima. Usome.

Mpita Njia: Unawatetea Wajerumani sasa?

Jibu: Onyesha sentensi niliyowatetea. Kusema B ameacha misafara si kusema vijiji vilistahili moto. Nimeandika pia nani alichoma.

Mama wa Makambako: Samahani mwalimu, na kama vifungu vyote viwili vimeacha kitu kilekile? Kulinganisha hakutakionyesha.

Jibu: Dada, hilo ndilo swali nililolisubiri. Kweli, njia hii inaishia hapo. Dawa yake ni kuorodhesha watu wote waliokuwapo, kisha kuangalia nani hana sauti popote. Jeshi la Zelewski kwa sehemu kubwa lilikuwa askari Waafrika na wapagazi, wakiongozwa na Wajerumani wachache. A hawataji kwa sababu kwake ni mzigo wa msafara. B hawataji kwa sababu inataka vita vionekane kati ya Mzungu na Mhehe tu. Kwa hiyo tafuta kifungu cha tatu, na ukikosa, andika pengo hilo kwenye hitimisho lako.

Kijana wa Tukuyu: Mimi natumia kalamu mbili, nyekundu kwa maneno yenye rangi, bluu kwa kauli ya kutendwa. Bluu zikijaa upande mmoja najua pa kuchimba.

Jibu: Safi sana, naichukua hiyo.

Mama wa Makambako: Basi ule mnara wa Lugalo nao ni kifungu?

Jibu: Kabisa. Wajerumani waliujenga kuwakumbuka wafu wao. Ukipita barabara ya Iringa kwenda Morogoro shuka, uangalie nani amekumbukwa, kisha nenda makumbusho ya Kalenga ulinganishe. Beba daftari.