Somo: Advansi na mkopo wa mfanyakazi vinakaa wapi kwenye vitabu

Wadau, wiki iliyopita nimeletewa vitabu vya hadwea moja nivisafishe, nikakuta akaunti ya advansi ina salio la krediti la 150,000. Ukisoma hivyo maana yake ofisi inamdai mtu hasi, yaani mfanyakazi ndo anaidai ofisi, na hakuna kitu kama hicho. Nikajua tu advansi ilipotoka iliandikwa kwenye gharama ya mishahara. Hili kosa naliona sana, so leo tulimalize kwa mfano wa stoo kipa wa hadwea hiyo.

Mshahara wake ni 800,000. Tarehe 10 kachukua advansi 150,000, na ana mkopo wa ofisi wa 600,000 bila riba, anakatwa 100,000 kwa miezi sita, huu ni mwezi wa kwanza.

Hatua ya 1: siku hela inatoka. Hapa hakuna gharama. Hela imetoka benki lakini kuna mtu anadaiwa, kwa hiyo ni mali ya ofisi kama vile deni la mteja. Debiti Advansi za wafanyakazi 150,000, krediti Benki 150,000. Mkopo ni vivyo hivyo ila kwenye akaunti yake, Mikopo ya wafanyakazi, msichanganye. Advansi inatakiwa ife mwisho wa mwezi, mkopo unaendelea, ukivichanganya hutajua kipi kimechelewa. Na kila mtu awe na kadi yake, jumla ya kadi ilingane na leja.

Hatua ya 2: payroli. Kodi inapigwa kwenye mshahara kamili, advansi haipunguzi PAYE hata shilingi. NSSF ya mfanyakazi 10% ni 80,000, inabaki 720,000 ya kutozwa kodi. 270,000 ya kwanza haina kodi, 250,000 inayofuata ni 8% yaani 20,000, na 200,000 iliyobaki ni 20% yaani 40,000. PAYE 60,000. Baada ya hapo ndo unakata madeni: 660,000 toa 150,000 toa 100,000, mkononi anapata 410,000.

Hatua ya 3: jono.

```
Debiti   Gharama ya mishahara     800,000
Krediti  NSSF ya kulipa            80,000
Krediti  PAYE ya kulipa            60,000
Krediti  Advansi za wafanyakazi   150,000
Krediti  Mikopo ya wafanyakazi    100,000
Krediti  Mishahara ya kulipa      410,000
```

Gharama ni 800,000, si 410,000 wala si 950,000. (NSSF ya mwajiri 80,000 inaandikwa pembeni, ni gharama ya ofisi.) Ukilipa benki, debiti Mishahara ya kulipa, krediti Benki 410,000, kwisha.

Sasa rudi kwa ile hadwea. Advansi ilipotoka waliidebiti Gharama, halafu payroli ikaikrediti Advansi. Gharama ikawa 950,000, advansi ikabaki hasi 150,000, na faida ikashuka kwa hela ambayo hawajaitumia. Dawa ni jono moja: debiti Advansi, krediti Gharama 150,000. Ukikuta kinyume chake, advansi ina debiti tarehe 31, basi kuna mtu alisahaulika kukatwa, fungua kadi utamwona.

Maswali

*Dada wa Morogoro:* Mwalimu, mtu akiacha kazi bado anadaiwa 300,000 inakuwaje?

Dada, angalia kwanza ile fomu aliyosaini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inataka kukata deni la mtu kuwe na makubaliano ya maandishi, la sivyo iwe sheria au amri inayoruhusu. Mimi kwenye fomu huwa naweka kabisa kwamba akiondoka salio lote linakatwa kwenye stahiki zake. Stahiki zisipotosha, hamisha kwenda wadaiwa wengine umfuatilie. Ikishindikana kabisa ndo unaifuta kama deni bovu, usiitupe kwenye mishahara.

*Mkuu wa Tegeta:* Bila riba TRA hawasemi kitu?

Mkuu, mkopo wa chini ya miezi 12 ambao jumla yake haizidi mishahara mitatu ya msingi hauhesabiwi kama faida ya mfanyakazi. Wa kwetu wa miezi sita na 600,000 umepita. Ukivuka hapo, tofauti kati ya riba unayomtoza na ile ya kisheria inaongezwa kwenye mapato yake na inakatwa PAYE.

*Kaka wa Mbeya:* Bosi anatuma advansi kwa simu, ada ya kutuma naiweka wapi?

Ada ni gharama ya benki na miamala. Mfanyakazi anadaiwa kilichoingia kwenye simu yake tu, labda mlikubaliana ada ni ya kwake. Nimeona mtu anakatwa 152,000 kisa ada na hajui, akaja na peisilipu mkononi kuuliza, na kwa kweli alikuwa na haki.

*Dada wa Morogoro:* Na mwezi ambao amekwenda likizo bila malipo?

Hakuna mshahara, hakuna cha kukata. Salio linabaki kama lilivyo, mnasogeza ratiba mwezi mmoja mbele na anasaini tena. Usimkate 200,000 mwezi unaofuata kwa kumshtukiza.