SOMO: Namna ya kupanga bei ya sendo za ngozi (someni kabla ya kunifuata inbox)

Wakuu, nimechoka kuulizwa "nikiuza elfu kumi na tano nitapata faida?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa. Mfano ni sendo za kike za ngozi, dazeni moja, hapa Dodoma mjini. Tarakimu ni za mfano, wewe weka za daftari lako.

1. Vifaa. Ngozi, soli, gundi, uzi, shanga na vifungo kwa dazeni: 84,000. Kila pea ni 7,000. Hesabu ngozi yote uliyonunua, pamoja na mabaki uliyotupa.

2. Kazi. Anza saa unapotandika ngozi mezani, maliza unapofunga pea ya mwisho. Kufuata vifaa mjini nako ni kazi. Dazeni ikila saa 18, kila pea ni saa 1 na nusu. Jiulize fundi wa kuajiri angedai kiasi gani: 16,000 kwa siku ya saa 8 ni 2,000 kwa saa. Kwa hiyo 3,000 kwa pea.

3. Gharama za kuendesha. Kwa mwezi: fremu 60,000, luku 15,000, bando 15,000, bajaji 20,000. Cherehani ya 600,000 utakayoitumia miaka 5 inakula 10,000 kila mwezi. Jumla 120,000. Gawanya kwa pea unazouza mwezi wa kawaida, siyo unazoweza kutengeneza. Anayechukua mauzo ya wakati wa Bunge la bajeti, mji ukiwa umejaa wageni, anajidanganya. Ukiuza 60, kila pea inabeba 2,000. Zikishuka hadi 40, inabeba 3,000.

Jumla ya gharama: 7,000 + 3,000 + 2,000 = 12,000.

4. Faida. Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa hiyo tulieni. Mtu anataka faida ya asilimia 25, anachukua 12,000, anaongeza robo yake, anauza 15,000. Faida yake ni 3,000. Sasa gawa 3,000 kwa 15,000: ni asilimia 20 ya bei. Robo aliyoiongeza ni ya gharama, ila punguzo la mteja na kamisheni ya duka vyote hukatwa kwenye bei. Ukitaka robo ya bei ibaki kwako, usizidishe, gawanya:

```
bei = gharama / (1 - faida - kamisheni)
12,000 / (1 - 0.25)        = 16,000
12,000 / (1 - 0.25 - 0.20) = 21,818
```

Mstari wa tatu ni wa anayepeleka dukani kwa mtu anayekata asilimia 20 ya bei. Ukimpelekea kwa 16,000, anachukua 3,200, unabaki na 12,800. Faida ni 800 kwa pea. Duka linajaza, wewe unashona usiku, mtaji hausogei. Weka 22,000.

Tahadhari nyingine: kwenye 16,000, mteja akikubembeleza ukapunguza 2,000, umempa nusu ya faida yako. Amua bei ya mwisho ukiwa nyumbani, siyo mbele yake.

MASWALI

Mdau wa Kibaigwa: Mkuu mimi natengeneza sabuni, niuze bei gani?
— Umesoma hatua ya 1? Lete vifaa, muda na idadi.

Mdau wa Kibaigwa: Si useme tu kwa makadirio.
— Sikadirii mfuko wa mtu.

Dada wa Kondoa: Samahani kaka, nashona mwenyewe. Kwa nini nijilipe ile 3,000 wakati faida nayo ni yangu?
— Swali zuri sana, dada. Siku ukiugua au oda ikizidi, utamlipa fundi. Kama kazi haimo kwenye bei, atalipwa kwa faida yako. Ile 3,000 unakula nyumbani, ile faida ya 4,000 inanunua ngozi nyingine na kuziba pea zilizododa.

Mdau wa Nzuguni: Hesabu za darasani hizi. Majengo sendo ni 13,000, nani atanunua 16,000?
— Sijasema soko litakutii. Hesabu inakuonyesha kwamba kwa 13,000 unabaki na 1,000. Basi punguza saa au badili mteja, ila usiguse gundi: soli ikibanduka, mteja harudi.

Dada wa Kondoa: Saa zinapunguzwaje?
— Chonga vipimo vya bati kwa kila saizi, kata dazeni nzima kwa mkupuo, kisha paka gundi zote, kisha shona. Ukimaliza pea moja moja unapoteza muda kubadilisha vifaa.

Fundi wa Mpwapwa: Niongeze hapo, gundi ihamishieni kwenye kikopo kidogo chenye mfuniko. Kopo kubwa likikaa wazi kwa joto na upepo wa huku, inaganda kabla ya dazeni ya pili.
— Hiyo nilikuwa siihesabu kabisa. Fundi, kikopo cha rangi kinafaa au kinatoboka?

Fundi wa Mpwapwa: Kinafaa, kioshe kikauke kwanza.