Somo: Jinsi dada mkuu anavyoweza kuwahutubia wadogo zake mstarini kwa maneno mepesi na maswali ya moja kwa moja

Hapa Tanzania, mwezi wa Oktoba darasa la saba huwa wameshamaliza mtihani wao wa Septemba na kuondoka shuleni, kwa hiyo dada mkuu anayesimama mbele ya mstari ni msichana wa darasa la sita ambaye hajatimiza hata miezi miwili katika kazi yake. Nilikuwa mwalimu wa zamu wiki ambayo dada mkuu wetu mpya alipangiwa kuzungumza na darasa la kwanza na la pili kuhusu Siku ya Kunawa Mikono Duniani, ambayo huwa tarehe 15 Oktoba. Nitaeleza hatua tulizopitia naye, pamoja na jaribio la kwanza lililotuharibikia.

Hatua ya kwanza: chagua tendo moja

Rasimu yake ya kwanza ilianza hivi: "Ndugu wanafunzi wenzangu, usafi binafsi ni jambo linalopaswa kuzingatiwa na kila mmoja wetu ili kujikinga na magonjwa ya mlipuko." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini mtoto wa miaka saba haoni ndani yake mtu yeyote anayefanya kitu chochote. Nilimwomba aniambie, bila kuandika, ni kitu gani hasa anachotaka mtoto akifanye akishasikia hotuba. Alifikiri kidogo, akasema: "Akitoka chooni apite kwenye kibuyu chirizi kabla hajaenda kwenye uji." Tendo hilo moja, kunawa kwenye dumu la kukanyagia kijiti tunaloliita kibuyu chirizi, ndilo likawa hotuba yenyewe. Kucha, meno, sare na kuokota takataka vyote tuliviacha.

Hatua ya pili: badilisha maneno

Kanuni niliyompa ni kwamba kila sentensi iwe na mtu na kitendo, na kwamba "linapaswa kuzingatiwa" ligeuke kuwa "fanya". Pia aache "nyinyi mnatakiwa" na kusema "wewe", kwa sababu mtoto akiambiwa "mnawe" hudhani anayeambiwa ni jirani yake. "Magonjwa ya mlipuko" yaligeuka kuwa "tumbo litauma na utaharisha".

Neno lililotuchukua muda ni moja tu. Neno ambalo watoto wenyewe hulitumia kwa kile kinachobaki mkononi baada ya kutoka chooni halisemwi mbele ya walimu, na "kinyesi" wapo wa darasa la kwanza wasiolijua. Tulikubaliana na "uchafu wa chooni", na hakuna aliyeuliza maana yake.

Hatua ya tatu: pima kila swali kabla halijatoka mdomoni

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo tulipokosea. Tulifanya jaribio la kwanza Jumatatu kwa darasa la pili peke yao, na dada mkuu akauliza maswali manne yaliyoonekana mazuri kwenye karatasi.

La kwanza lilikuwa "Ulinawa asubuhi?" Katika Kiswahili sentensi hiyo na taarifa "Ulinawa asubuhi" zina maneno yaleyale, na kinachozitofautisha ni kupanda kwa sauti tu. Uwanjani, penye upepo na bila kipaza sauti, mpando huo hupotea kabla haujafika mstari wa nyuma. Watoto walimtazama wakingoja aendelee. Dawa yake ni kuanza na "Je" na kutua kidogo baada yake, kwa sababu mtoto akilisikia neno hilo hujua kwamba zamu yake ya kusema inakuja.

La pili lilikuwa "Tunanawa kwa nini?" Nusu ya watoto walipaza sauti "Kwa sabuni!" na nusu nyingine wakasema "Tusiugue!", na wote walikuwa sahihi, maana swali hilo linaweza kuuliza sababu na linaweza kuuliza kifaa. Dada mkuu alichanganyikiwa akawaambia wamekosea. Swali tulilolitumia baadaye lilikuwa "Maji peke yake hayatoshi. Tunaongeza nini?", ambalo lina jibu moja tu.

La tatu lilikuwa "Hamchezei maji, au siyo?" Swali lenye ukanushi ni mtego kwa watoto wadogo. Kwa desturi ya lugha yetu, anayekubaliana na ukanushi hujibu "Ndiyo", yaani ndiyo, hatuchezei, lakini mtoto mwingine hushika ile "ha" ya mwanzoni na kujibu "Hapana" kwa maana ileile. Ukisikia "Ndiyo" na "Hapana" kwa pamoja, hutajua kama wamekuelewa.

La nne ndilo lililoniumiza. Aliuliza "Nani hapa hanawi akitoka chooni?" Vidole vilinyooshwa mara moja kuelekea kwa mtoto mmoja, watoto wakacheka, naye akaficha uso ndani ya sweta lake. Ninailaumu nafsi yangu, kwa kuwa nilikuwa nimelisoma swali hilo na kulipitisha. Tangu siku hiyo sikubali swali la "nani" mstarini isipokuwa jibu lake ni sifa au ni kazi, kama vile "Nani wanajaza dumu leo?"

Swali la kuwafanya wajitafakari linawezekana, lakini liulizwe kwa "wewe" na lisidai jibu la sauti. Msemaji aseme wazi kwamba jibu libaki moyoni, kisha anyamaze huku akihesabu kimoyomoyo hadi nne. Kunyamaza huko ndiko kulikomtesa dada mkuu kuliko kitu chochote, kwa sababu anayesimama mbele huona sekunde nne kuwa ndefu kama kipindi kizima.

Hatua ya nne: wape mikono kazi

Kusugua mikono kwa sabuni kunatakiwa kuchukue angalau sekunde 20. Mtoto ukimwambia "sekunde 20" hapati picha yoyote, na ukimwambia ahesabu hadi 20 atakimbia na kumaliza kabla hajagusa vidole gumba. Kwa hiyo dada mkuu alipiga makofi polepole, kofi moja kwa kila namba, na watoto wakahesabu naye huku wakisugua mikono mikavu palepale walipo: viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole, vidole gumba, kucha.

Hotuba ilivyokuwa siku yenyewe

"Walimu wangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo?"

(Watoto: "Hatujambo! Shikamoo dada!")

"Marahaba. Inua mkono wako wa kulia. Utazame. Je, unaona uchafu?"

(Wengi: "Hapana!")

"Na mimi sioni. Lakini uchafu wa chooni unaweza kuwepo hata kama huuoni, kwa sababu ni mdogo sana. Sasa sikiliza. Umetoka chooni. Kengele ya uji imelia. Unakimbia, unashika kikombe, unakula na andazi. Je, ule uchafu umekwenda wapi?"

(Watoto: "Tumboni!")

"Umekwenda tumboni. Tumbo litauma, na utaharisha. Basi ukitoka chooni pita kwenye kibuyu chirizi. Kanyaga kijiti kwa mguu, dumu litainama na maji yatatoka. Lowesha mikono, acha kijiti. Maji peke yake hayatoshi. Tunaongeza nini?"

("Sabuni!")

"Sabuni imefungwa kwa kamba. Isugue, iache ining'inie. Sasa tusugue pamoja, tuhesabu hadi 20."

(Wanahesabu kwa makofi.)

"Kanyaga tena, suuza, kung'uta mikono. Usiifute kwenye sketi wala kaptula. Swali la mwisho ni la moyoni, usinijibu. Leo asubuhi ulipotoka chooni, ulikwenda wapi kwanza?"

(Kimya.)

"Dumu ni la lita 5, na darasa la sita tutalijaza kabla ya uji. Asanteni, wadogo zangu."

Hotuba nzima, pamoja na kuhesabu, ilichukua dakika tatu na ushee.

Maswali ya wanachama

*Mzazi, Morogoro:* Binti yangu amechaguliwa kuwa dada mkuu lakini sauti yake ni ndogo na karatasi hutetemeka mkononi. Je, aikariri hotuba yote?

*Jibu:* Asiikariri yote, kwa sababu anayekariri akikatizwa na jibu la watoto hupotea na kulazimika kuanza upya. Aandike maswali peke yake kwenye kipande cha karatasi ngumu kinachotosha kiganjani, kwani karatasi ngumu haipepei hata mkono ukitetemeka. Maelezo yaliyo kati ya swali na swali ayaseme kwa maneno yake. Kuhusu sauti, mstari usogezwe karibu badala ya yeye kupaza. Sisi tuliwapanga wadogo katika nusu duara, na wa nyuma kabisa akawa umbali wa hatua kumi hivi.

*Mwalimu, Nakuru:* Hapa kwetu wengi husema "gwaride", na wanafunzi wa Gredi ya kwanza wamezoea "kuosha mikono" kuliko "kunawa". Je, tuwasahihishe kwanza?

*Jibu:* Msiwasahihishe siku hiyo. "Kunawa" ni neno zuri kwa sababu lenyewe linabeba maana ya mikono na uso, lakini mstari wa asubuhi si kipindi cha msamiati. Kiranja wenu aseme "osha mikono" kama wanavyosema wao, na akipenda aweke "nawa" mara moja mwishoni, penye kitendo wanachokiona.

*Mwanachama, Tanga:* Itakuwaje mtoto akipaza jibu la kuchekesha, kwa mfano akisema uchafu umekwenda kwenye andazi?

*Jibu:* Hilo lilitupata sisi wakati wa mazoezi, na jibu hilo ni sahihi nusu. Dada mkuu ajifunze kulipokea na kulisukuma mbele: "Ndiyo, uko kwenye andazi. Na andazi umelipeleka wapi?" Akilinyamazisha jibu hilo, watoto wataacha kujibu maswali yaliyobaki.

*Mwanachama, Dodoma:* Mlijuaje kama watoto walielewa? Wangu huitikia "Ndiyo" kwa kila kitu.

*Jibu:* Ndiyo maana hatukumruhusu aulize "Mmenielewa?", kwa sababu jibu lake linajulikana kabla ya swali. Tulitazama sabuni. Mama wa jikoni alikata mche wa sabuni vipande, tukaning'iniza kimoja kwenye kibuyu chirizi Jumatano asubuhi. Kufikia Ijumaa saa nne kilikuwa kimebaki kijipande chembamba kama ukucha, wakati cha wiki iliyotangulia kilikaa siku zote tano kikiwa bado na pembe zake. Hata hivyo si sabuni yote iliyokwenda mikononi, maana Alhamisi nilimkuta kijana mmoja wa darasa la kwanza akitengeneza povu na kulipuliza kwa wenzake waliokuwa foleni.