Kabla ya kujenga tovuti ya shirika, fuatilieni safari ya mchango mmoja

Mashirika mengi yakipanga tovuti huanza na rangi na picha. Mimi ningeanza na mhasibu. Kaeni naye pamoja na mtengenezaji wa tovuti, mfuatilie mchango mmoja tangu mtu anapobonyeza "Changia" hadi unapoonekana kwenye ripoti ya mradi. Kurasa hizo mbili, ule wa kuchangia na ule wa ripoti, zikijengwa kila moja kivyake, baadaye mtazioanisha kwa kupekua taarifa za benki mstari kwa mstari.

Tuseme mna mradi wa kisima na mfuko wa jumla. Kila kimoja kipewe msimbo, mathalani KISIMA-01 na JUMLA-01, na msimbo huohuo utumike kwenye fomu ya mchango, stakabadhi, vitabu vya hesabu na ripoti. Sasa mtu anatoa 100 kwa ajili ya kisima, kampuni ya malipo inakata ada ya 3, benki inapokea 97. Ripoti itaandika ipi? Napendelea ionyeshe zote tatu, maana mchangiaji anakumbuka 100 na mkaguzi anaiona 97. Amueni pia pesa zitakwenda wapi kisima kikishatosheka, na sentensi hiyo ikae karibu na kitufe cha kulipia. Mkiiongeza baadaye, waliokwisha kutoa hawakuikubali.

Ukurasa wa "Asante" si ushahidi wa malipo. Mtu anaweza kufunga kivinjari kabla haujafunguka, na pesa zake zimeshakatwa. Stakabadhi itumwe pale seva ya kampuni ya malipo inapoiarifu seva yenu moja kwa moja. Kulijaribu hili ni rahisi: lipeni kiasi kidogo, mfunge dirisha mara malipo yanapokubaliwa, kisha msubiri barua pepe. Isipokuja, kazi haijakamilika. Namba za kadi zenyewe zijazwe kwenye fomu ya kampuni hiyo, zisihifadhiwe kwenu kabisa.

Lingine wengi hawalitarajii: wezi wa kadi hupenda fomu za michango, kwa sababu zinapokea kiasi chochote bila kupeleka bidhaa popote. Mkiona malipo madogomadogo yakimiminika ndani ya dakika chache, mengi yakikataliwa, kuna mtu anajaribu kadi za wizi. Wekeni kiwango cha chini cha mchango na kikomo cha majaribio tangu siku ya kwanza.

Fomu ya watu wa kujitolea haina mengi. Ulizeni jina, mawasiliano, kazi anayoiweza na siku anazopatikana. Nakala ya kitambulisho iombwe baada ya mtu kuchaguliwa, ili msirundike nyaraka za watu ambao hamtawaita. Ila tajeni mapema nani atakayejibu na ndani ya siku ngapi. Kama hakuna mtu wa kujibu, fomu hiyo isubiri.