Trekta dogo la bustani: SAE 30 au 10W-30?

Injini nyingi za mashine za kukatia nyasi za kukalia, na za trekta dogo la bustani, hupozwa kwa hewa. Hazina rejeta wala maji. Joto lote linatoka kupitia mapezi ya chuma yaliyozunguka silinda, yakipulizwa na feni iliyo juu ya gurudumu la injini. Kwa hiyo oili ya humo hufanya kazi kwenye joto kali kuliko oili ya gari, na kiasi chake ni kidogo: injini ya silinda moja mara nyingi huchukua lita 1.4 hivi, ya silinda mbili karibu lita 1.9. Ndiyo maana uchaguzi wa gredi una uzito kwenye mashine hizi kuliko watu wanavyodhani.

SAE 30 ni oili ya gredi moja. Ikipoa sana huwa nzito kama asali, ikipata moto hulainika. 10W-30 ni ya gredi nyingi: namba ya kwanza, yenye W, inaeleza inavyotiririka kwenye baridi, na 30 inaeleza unene wake ikiwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Hapo kwenye joto la nyuzi 100 zote mbili zimo kwenye daraja moja la unene, kwa hiyo si kweli kwamba 10W-30 ni "oili nyepesi" injini inapofanya kazi. Tofauti iko kwenye jinsi zilivyofikishwa hapo. 10W-30 ya kawaida hutengenezwa kwa oili ya msingi iliyo nyepesi zaidi, kisha huongezwa polima zinazoisaidia isilainike kupita kiasi inapopata moto. Oili nyepesi ya msingi huvukiza kwa urahisi zaidi, na mvuke wake hutoka kwa njia ya kupumulia ya injini na kuchomwa. Polima nazo hukatwakatwa taratibu na vyuma vinavyozunguka, na unene unapungua kadiri saa za kazi zinavyokwenda.

Kwa hiyo angalia joto la mahali unapokatia nyasi. Kama asubuhi unapowasha hakuna baridi ya chini ya nyuzi 4 hivi, na mchana kuna joto, SAE 30 ndiyo chaguo ninalolipendekeza kwa injini hizi. Ukiwasha kwenye baridi zaidi ya hapo, SAE 30 inakuwa nzito mno: stata inalemewa, na oili inachelewa kufika kwenye sehemu zinazosuguana. Hapo 10W-30 ina faida kubwa. Watengenezaji kadhaa wanakubali 10W-30 hata kwenye joto, ila wanaonya kwamba juu ya nyuzi 27 hivi injini inaweza kula oili zaidi, na oili ipimwe kwa kijiti chake mara kwa mara. Oili ya sintetiki, kwa mfano 5W-30, haina udhaifu huo kwa kiwango hicho, kwa sababu msingi wake wenyewe huhimili joto na baridi. Ukiweza kuimudu, inafaa majira yote. Kitabu cha mashine yako kikisema tofauti na haya, fuata kitabu.

Chukua mfano wa injini ya silinda moja ya lita 1.4, inayokata nyasi kwenye joto la nyuzi 32 ikiwa na 10W-30. Baada ya saa 6 za kazi kijiti kimeshuka kutoka alama ya juu hadi ya chini. Usimimine kwa kukisia. Tumia kikombe chenye vipimo, ili ujue umeongeza kiasi gani: tuseme mililita 300. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya oili yote, na oili iliyobaki ilikuwa ikibeba joto lote peke yake. Kabla ya kulaumu oili, fungua kifuniko cha feni utazame mapezi. Nyasi kavu zilizochanganyika na vumbi la mafuta hujaa katikati yake na kuziba njia ya hewa, na injini iliyozibwa hivyo itakula oili ya gredi yoyote. Yakishasafishwa, mwaga oili ikiwa bado na uvuguvugu, weka SAE 30, ukate nyasi saa zile zile, upime tena kwa kikombe kile kile. Ikishuka kidogo tu, mililita 100 kwa mfano, tatizo lilikuwa mapezi yaliyoziba, gredi ya oili, au vyote viwili. Ikishuka kama mwanzo na moshi wa buluu unatoka kwenye ekzosi, tatizo ni ringi za pistoni, njia ya kupumulia au gasketi ya silinda hedi, na kubadilisha gredi hakutaliponya.

Kupima nako kuna utaratibu wake. Mashine iwe mahali tambarare, injini imezimwa kwa dakika kadhaa ili oili ishuke chini. Futa kijiti, kirudishe, kitoe tena ndipo usome. Vijiti vingine husomwa vikiwa vimefungwa hadi mwisho, vingine vikiegeshwa tu, na kosa hapo hubadilisha kipimo sana. Usipitishe alama ya juu: krenki itaipiga oili iliyozidi hadi itoe povu, na nyingine itasukumwa hadi kwenye chujio la hewa.

Sasa jambo linaloharibu injini nyingi kuliko gredi yenyewe: kijiti kupanda badala ya kushuka. Kama hujaongeza kitu na oili imepita alama ya juu, inuse. Ikinuka petroli na inadondoka kijitini kama maji, sindano ya floti ndani ya kabureta haifungi, na petroli imekuwa ikitiririka usiku kucha kupitia silinda hadi kwenye oili. Usiwashe hata kwa dakika moja. Oili iliyochanganyika na petroli haiachi utando wa kulinda fani za krenki na pistoni, iwe SAE 30 au 10W-30. Safisha au badilisha sindano hiyo kwanza, kisha mwaga oili yote na kubadilisha chujio la oili kama lipo. Baadaye funga koki ya petroli kila unapoegesha mashine.

Petroli yenyewe iwe isiyo na risasi, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 10. Injini hizi ni za mipigo minne, kwa hiyo usichanganye oili ndani ya tangi la petroli kama kwenye msumeno wa mnyororo. Nunua kiasi utakachomaliza ndani ya siku 30 hivi; iliyozeeka huacha gundi inayoziba jeti ya kabureta, na hiyo gundi ikikaa kwenye sindano ya floti ndipo uvujaji niliousema unapoanzia. Mashine itakayolazwa muda mrefu, funga koki uiache iungurume hadi izime yenyewe, ili kabureta ibaki tupu.

Injini mpya hubadilishwa oili mapema, baada ya saa 5 hadi 8 za mwanzo, kwa sababu chembe za chuma zinazotoka sehemu mpya zikisuguana huwa nyingi. Baada ya hapo kila saa 50 inatosha kwa injini nyingi ndogo, na mapema zaidi ukikata kwenye vumbi na joto. Mwagia oili chakavu kwenye dumu lenye kifuniko, si kwenye udongo wa bustani.